Mstari Mmoja wa Kweli: Namna ya Kuorodhesha Mihadhara, Tuzo na Habari Zetu

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, Bagamoyo. Yamechapishwa kwa ombi la wanachama.)



Katibu wetu amenipa kazi ambayo kwanza niliiona ndogo. Kama mjuavyo, chama chetu kinakusanya wasifu wa kila mmoja wetu, ukurasa mmoja mmoja, ili shule ijue imtafute nani inapohitaji mtu wa kuzungumza na vijana wa kidato cha nne, na ili sisi wenyewe tujuane kazi. Kurasa zilizokwisha kufika, Katibu amenionyesha. Elimu na kazi zimeandikwa vizuri. Lakini mwishoni, penye mihadhara, tuzo na kutajwa katika magazeti na redio, pamekuwa kama soko la samaki alasiri: kila mtu anapaza sauti na hakuna anayesikika. Mmoja ameandika mambo ishirini na mbili. Mwingine, ambaye sote tunajua kazi aliyoifanya, ameacha pahali patupu. Kwa hiyo nimeambiwa niseme lipi liandikwe, lipi liachwe, na kila moja liandikwe vipi katika mstari mmoja.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe, maana fundi asiyeonyesha kovu la patasi si wa kuaminika sana.

Miaka kadhaa baada ya kutoka Chuo Kikuu niliomba nafasi ya kazi iliyokuwa juu ya cheo changu. Katika wasifu wangu niliandika mstari huu: «Mshindi wa tuzo ya kitaifa ya insha.» Niliitwa kwenye usaili. Mzee mmoja aliyekaa pembeni, ambaye alikuwa hajasema neno tangu nilipoingia, alivua miwani akaniuliza, «Kijana, tuzo hii ulipewa na nani, na ulipewa wapi?» Nikaanza kujikuna. Ukweli ni kwamba mashindano yenyewe yalikuwa ya kitaifa, lakini mimi nilikuwa mshindi wa pili wa mkoa. Insha yangu ilipelekwa mbele, na huko mbele haikupata kitu. Zawadi yangu niliipokea katika ofisi ya elimu ya mkoa, nayo ilikuwa kamusi na bahasha. Nikaeleza hivyo. Yule mzee akasema kwa upole, «Mshindi wa pili wa mkoa mzima! Hilo lingetosha sana, mwanangu. Kwa nini hukuliandika?»

Nafasi ile sikuipata. Sidhani kwamba walinihesabu kuwa mwongo mkubwa. Ila tangu pale kila mstari mwingine wa karatasi yangu, hata ule wa shahada yangu, ulisomwa kwa jicho la pili. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka tulielewe: mistari hii haisomwi mmoja mmoja. Mstari mmoja ukipinda, iliyo mingine yote inapimwa upya.

Tangu wakati huo kazi imenigeuza upande. Sasa mimi ndiye nisomaye karatasi za wengine, pamoja na wenzangu, na nimekwisha kusoma nyingi. Nimejifunza kwamba msomaji hatafuti sifa katika sehemu hii. Sifa anazipata tele kila mahali. Anachotafuta ni ushahidi: kwamba mtu mwingine, asiye wewe, alikupima na akakuchagua. Basi kila jambo unalotaka kuliandika liulize maswali matatu. Nani alikuchagua? Alikuchagua kwa kazi ipi? Na leo hii nani anaweza kuulizwa, au karatasi gani inaweza kuonyeshwa? Jambo likiwa na majibu matatu, liandikwe. Likikosa hata moja, liachwe au lihamishiwe mahali pake.

Sasa jambo la pili, nalo ni la ngazi. Mji wetu huu ni mfano mzuri. Mara ngapi mmesikia mgeni akiambiwa kwamba Bagamoyo ni Urithi wa Dunia wa UNESCO? Mimi nimesikia mara nyingi, hapa hapa karibu na Ngome Kongwe. Lakini sivyo. Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha UNESCO Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu, ambayo Bagamoyo ni mwisho wake huku pwani, na njia hiyo ikaingia katika orodha ya awali, yaani orodha ya mahali ambapo nchi inakusudia kupapendekeza. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika orodha yenyewe mwaka 1981, na Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000. Kuwamo katika orodha ya awali si jambo la kuonea haya. Maana yake ni kwamba taifa zima limepatazama pote lilipo na kuona kwamba hapa panastahili kupelekwa mbele. Lakini ni ngazi nyingine, na mwenye kuzijua ngazi hizo atamshangaa mwongoza wageni anayeruka moja.

Watu nao ni vivyo hivyo. Ndugu yetu wa Unguja, Abdulrazak Gurnah, alipata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1994, riwaya yake iitwayo Paradise iliingia katika orodha fupi ya Tuzo ya Booker kule Uingereza. Haikushinda. Na katika maelezo ya maisha yake imeandikwa hivyo hivyo, kwamba iliingia katika orodha fupi, na hakuna aliyemdharau. Maneno «orodha fupi» yana uzito wake kamili. Waamuzi walisoma vitabu vingi wakabakiza vichache, na chake kikabaki. Angeandika «alipata heshima ya Tuzo ya Booker», maneno yangekuwa makubwa zaidi na heshima ingekuwa ndogo zaidi, kwa sababu msomaji angelazimika kuuliza ni heshima gani hiyo.

Kwa kuwa nimetaja Nobeli, niwaonye juu ya mstari mmoja ambao hutembea sana: «Aliwahi kupendekezwa kwa Tuzo ya Nobeli.» Kwa kanuni za tuzo hiyo, majina ya waliopendekezwa hufungwa kwa miaka 50. Kwa hiyo mtu aliye hai akiandika hivyo, msomaji hana pa kuuliza, na swali letu la tatu halina jibu. Nyumbani tunao ndugu wa mstari huo. Ni ule usemao «Alipendekezwa kuwa mfanyakazi bora», bila kusema na nani na ikawaje. Kama orodha ya waliopendekezwa ilitangazwa na waandaaji wenyewe, andika. Kama ni mkuu wako aliyekunong'oneza ukumbini, furahi nalo nyumbani.

Ndugu Mwenyekiti, nisiendelee kusema kwa ujumla. Mwenzetu mmoja, aliyetutangulia darasa moja, ameniruhusu kuichukua karatasi yake na kuipasua mbele yenu, mradi nisimtaje. Nimebadili tarehe na mambo mengine ili asitambulike. Ni mtaalamu wa mazao ya bahari, na kazi yake kubwa imekuwa na wakulima wa mwani katika vijiji vya pwani yetu hii. Aliorodhesha mambo 14: mihadhara 6, tuzo 5, na habari 3. Tuyapitie.

Tuanze na mihadhara. Mstari wake wa kwanza ulisema: «Amehutubia mkutano wa kimataifa wa wanasayansi nchini Morisi.» Nilimwuliza, «Ulisimama mimbarini?» Akacheka. Ilikuwa kongamano la WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa upande huu wa Bahari ya Hindi, chenye makao yake Zanzibar, ambalo mwaka 2019 lilifanyika Morisi. Yeye na mwenzake walipeleka bango la utafiti, ile karatasi kubwa inayotundikwa ukutani na mwenyewe akasimama kando yake kuwajibu wapitao. Mwenzake ndiye mwandishi wa kwanza, yeye wa pili. Sasa jueni kwamba katika makongamano ya namna hiyo zipo ngazi zinazojulikana. Yupo mtoa mada mkuu, ambaye ukumbi wote humsikiliza. Yupo mwalikwa. Yupo aliyetuma mukhtasari wa mada ukakubaliwa, akapewa dakika chache katika chumba kimoja kati ya vingi. Yupo mwenye bango. Na yupo mhudhuriaji. Bango nalo hupimwa kabla ya kukubaliwa, kwa hiyo swali la kwanza, nani alikuchagua, lina jibu. Tukaandika hivi:

«2019. Bango la utafiti (mwandishi wa pili): kufa kwa mwani, kongamano la WIOMSA, Morisi.»

Tazameni kilichobaki na kilichoondoka. Neno «kimataifa» limeondoka, kwa sababu Morisi yenyewe imekwisha kusema hivyo. Neno «amehutubia» limeondoka, kwa sababu si kweli. Yameingia mambo mawili ambayo hayakuwapo, mada na nafasi yake, nayo ndiyo msomaji aliyataka. Mtu anayetafuta mjuzi wa magonjwa ya mwani sasa amempata. Zamani angempita, maana mkutano wa kimataifa unaweza kuwa wa jambo lolote.

Mistari mitatu iliyofuata ilikuwa semina alizowapa wakulima katika vijiji vitatu. Nikamwuliza nani alimchagua. Akasema alipangiwa na ofisi, ni kazi yake. Basi hiyo si mihadhara, ni kazi, na mahali pake ni juu, penye maelezo ya kazi, kwa mstari mmoja unaosema ni vijiji vitatu. Wengi wetu tulio serikalini tunakosea hapa. Daktari haorodheshi wagonjwa, na bwana shamba haorodheshi mafunzo aliyotumwa kuyatoa.

Mstari wa tano ulikuwa wa mahafali ya shule ya msingi, alikokuwa mgeni rasmi. Nao tukauondoa. Kuwa mgeni rasmi ni heshima, ila aghalabu mgeni rasmi huchaguliwa kwa cheo, au kwa sababu anatarajiwa kuchangia madawati. Hausemi lolote juu ya ujuzi. Lakini hapa sheria ina mpaka wake. Kama ungekuwa unaomba kuingia katika bodi ya shule, mstari huo huo ungerudi, maana pale msomaji anataka kujua kama wazazi na walimu wanakuamini. Ndiyo kusema orodha haiandikwi mara moja kwa maisha. Weka daftari moja nyumbani lenye kila kitu, pamoja na barua na vyeti vyake, kisha kwa kila msomaji uchote humo yanayomhusu.

Mstari wa sita ulikuwa mdogo kuliko yote, umefichwa chini: «Kuongea na wanafunzi.» Kumbe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimemwandikia barua aje aseme na wanafunzi wa mwaka wa mwisho juu ya kazi yake. Yeye aliona haya kuutaja, kwa kuwa hakulipwa na watu walikuwa wachache. Mimi nikaona huo ndio mhadhara wake ulio bora. Hakutumwa, alialikwa. Waliomwalika ni wajuzi wa mambo hayo hayo. Na barua ipo. Ukawa hivi:

«2022. Mzungumzaji mwalikwa: ‹Mwani na joto la bahari›; wanafunzi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.»

Angalieni neno «wanafunzi» limebaki humo. Tungeliondoa, mtu angedhani alihutubia maprofesa.

Sasa tuzo. Alikuwa nazo tano, na kati ya hizo tatu hazikuwa tuzo. Cheti cha ushiriki wa Nane Nane hupewa kila aliyeshiriki. Cheti cha mafunzo ya kompyuta ni mafunzo, kikae penye mafunzo. Na ngao aliyopewa na wenzake alipohamishwa kituo ni shukrani, jambo jema la kutundika sebuleni. Namna ya kutambua ni rahisi: jiulize kama kulikuwa na mtu aliyetaka kitu hicho akakikosa. Kama kila aliyekuwapo alitoka nacho, si tuzo, hata kiwe na nembo ya taifa na fremu ya dhahabu.

Zikabaki mbili. Ya kwanza aliiandika «Mfanyakazi Bora», basi. Bora wa wapi? Sote tunajua Mei Mosi ina ngazi. Yupo bora wa idara, yupo wa taasisi nzima, na kuendelea juu. Asiyeandika ngazi, msomaji humpa ile ya chini kabisa, na humshuku kwamba alitaka kupewa ya juu. Ikawa:

«2017. Mfanyakazi Bora wa Idara, Mei Mosi. Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo.»

Ya pili ilisomeka: «Mshindi, Maonyesho ya Nane Nane.» Kwa kweli lilikuwa banda la halmashauri lililoshika nafasi ya tatu, kule Morogoro, zinapokutana halmashauri za kanda yetu ya mashariki, na yeye alikuwa mmoja wa watu sita waliolisimamia. Hapa pana hatari mbili. Ya kwanza ni kujitwalia ushindi wa watu sita. Kumbukeni kwamba watano waliobaki nao wana wasifu, na huenda mmoja wao akaomba kazi ile ile, karatasi mbili zikakutana mezani. Ya pili ni kuogopa hatari ya kwanza hata ukauacha ushindi wote. Dawa ni kutaja hesabu:

«2018. Nafasi ya 3, mabanda ya halmashauri, Nane Nane Morogoro. Mjumbe, timu ya watu 6.»

Kabla sijaziacha tuzo, niseme juu ya majina na nyakati. Tuzo hubadilika majina. Tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye iliitwa Safal-Cornell. Chuo chetu cha Sanaa hapa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981, tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa. Andika jina lililokuwapo siku ulipopewa, kisha uongeze «sasa» na jina la leo. Ukiandika la zamani peke yake, msomaji kijana hatalipata akilitafuta. Ukiandika jipya peke yake, mwaka na jina havitapatana na cheti chako.

Na rekodi hupita. Filbert Bayi, ambaye shule zake zipo Kibaha katika mkoa wetu huu wa Pwani, alikimbia mita 1500 kule Christchurch, Nyuzilandi, tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaweka rekodi ya dunia. Rekodi hiyo ilivunjwa na Sebastian Coe mwaka 1979. Lakini ilibaki kuwa rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola hadi mwaka 2022. Mtu akiandika leo kwamba Bayi «anashikilia» rekodi ya dunia, amemharibia. Akiandika «aliweka rekodi ya dunia, 1974», hakuna wa kumpinga mpaka kiama. Kwa hiyo tumieni kitenzi cha wakati uliopita pamoja na mwaka wake. Mambo yaliyotendeka hayavunjwi na mtu.

Nije kwenye magazeti na redio, ambako ndiko tunakojidanganya zaidi. Mwenzetu alikuwa na mambo matatu. La kwanza lilikuwa picha yake gazetini, akiwa nyuma ya Waziri siku ya ziara. Nikamwuliza swali letu la kwanza, nani alikuchagua. Akajibu, «Mpiga picha alichagua Waziri.» Tukaifuta, naye ndiye aliyecheka zaidi.

La pili na la tatu yalikuwa ya kweli, lakini yameandikwa pamoja hivi: «Ametokea katika vyombo mbalimbali vya habari.» Ndugu zangu, neno «mbalimbali» lipigeni marufuku katika karatasi zenu. Hutumika pale mtu asipokumbuka, au anapokumbuka kimoja tu. Tulipotafuta, tukakuta mahojiano ya redio na nukuu gazetini. Haya ni mambo mawili yasiyolingana. Katika mahojiano wewe ndiye mzungumzaji, na msikilizaji alikusikia kwa muda. Katika nukuu mwandishi alikuja na habari yake, akakuomba sentensi mbili kwa kuwa wewe unajua. Kuna na jambo la tatu, ambalo yeye hakuwa nalo, yaani makala iliyoandikwa juu yako na kazi yako. Na la nne, makala uliyoiandika wewe, ambayo haikai hapa kabisa, inakwenda penye maandishi. Kila moja litajwe kwa kitenzi chake: alihojiwa, alinukuliwa, aliandikwa, aliandika. Tukapata:

«2021. Alihojiwa redioni, TBC Taifa, Juni 9: bei na ubora wa mwani.»

«2022. Alinukuliwa kama mtaalamu, HabariLeo, Oktoba 5: ugonjwa wa mwani.»

Kwa habari, tarehe kamili ni lazima, kwa sababu gazeti la siku hiyo ndilo ushahidi wenyewe. Kata kipande chako pamoja na sehemu ya juu ya ukurasa yenye jina la gazeti na tarehe, usikate picha tu kama ya harusi. Kwa redio ni taabu zaidi, maana sauti hupotea hewani. Omba nakala ya kipindi wiki ile ile. Ukikawia, mara nyingi haipatikani. Na wale kati yenu mliosema katika Redio Tanzania Dar es Salaam zamani zile, andikeni jina hilo, mkiongeza «sasa TBC».

Basi katika mambo 14 yakabaki 6. Mwenzetu aliitazama karatasi yake akanyamaza. Kisha akasema, «Nimepungua.» Nikamwambia aisome tena, kuanzia juu hadi chini, lile la karibuni likitangulia. Akasoma: alinukuliwa juu ya ugonjwa wa mwani, alialikwa kusema juu ya mwani na joto la bahari, alihojiwa juu ya bei ya mwani, bango juu ya kufa kwa mwani, nafasi ya tatu na wenzake, mfanyakazi bora wa idara. Mistari sita, na minne kati yake inasema kitu kimoja: huyu ni mtu wa mwani, na watu wasio ndugu zake wamemtafuta kwa ajili hiyo. Katika ile orodha ya 14 jambo hilo lilikuwamo vile vile, ila lilikuwa limezikwa chini ya madawati na ngao.

Juu ya urefu nitasema kidogo. Mstari mmoja wa karatasi ya kawaida huchukua maneno kama 12 hadi 15. Usizidishe. Weka mwaka kwanza, kisha nafasi yako, kisha mada au jina la tuzo, kisha aliyetoa au mahali. Ukiona mstari umezidi, kata sifa kwanza: «mashuhuri», «adhimu», «kubwa». Usikate nafasi yako, wala ngazi, wala mwaka. Na mstari ukikwisha, usome kwa sauti kana kwamba aliyekuwapo siku ile amekaa mbele yako. Kama sauti yako inataka kushuka mahali fulani, pale ndipo penye uongo.

Imebaki hoja moja, nami najua baadhi ya wazee wameishika mdomoni. Watasema, «Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.» Sisi watu wa pwani tumelelewa tusijisifu, na yule ndugu yetu aliyeacha pahali patupu amefanya adabu. Naiheshimu hoja hiyo. Lakini methali ile ni ya sokoni, ambako mnunuzi anakiona kitu na kukishika. Kijana wa kidato cha nne hapa shuleni hawezi kumshika ndugu yetu huyo. Hajui kwamba yupo. Mwaka jana shule ilitafuta mtu wa kuwaeleza vijana juu ya kazi yake yeye hasa, ikampata mtu mwingine kutoka mbali, ambaye alisoma kutoka kwenye karatasi akaondoka. Kitabu chetu kingekuwa tayari na mstari wake umo, vijana wangemsikia aliyekaa kwenye madawati yao wenyewe.

Naye hatujamwomba ajisifu. Tunamwomba atoe ushahidi: mwaka, nani alimwita, kwa jambo gani, katika ngazi gani. Hayo si majivuno, ni hesabu tu, kama nahodha anavyoandika alitia nanga wapi na lini.

Ndugu Mwenyekiti, Katibu ameniomba nitangaze kwamba kurasa zilizokwisha kuletwa zitarudishwa kwa wenyewe leo jioni, ili kila mtu akairekebishe yake. Yangu nimekwisha kuirekebisha. Ule mstari wa insha umo bado, nimeurudisha baada ya miaka yote hii, nao unasema: «Mshindi wa pili wa mkoa, mashindano ya insha ya shule za sekondari.» Nimeusoma kwa sauti, na sauti haikushuka.